ATEC, shahada au ACCA: mtunza hesabu wa Dodoma aanzie wapi ili awe CPA

Mpwa wangu alikuja nyumbani Jumapili moja na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na cheti cha kidato cha nne, astashahada ya uhasibu ya mwaka mmoja, na tangazo la kazi la Sekretarieti ya Ajira alilolichapisha mjini. Ana miaka minne akitunza hesabu za kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Dodoma. Anaandika daftari la fedha na kuandaa mishahara, anapeleka ritani TRA, na kila mwisho wa mwezi anasuluhisha hesabu ya benki.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Karibu, keti."

Akaniwekea tangazo mapajani. Nafasi ilikuwa ya Mhasibu Daraja la II. "Wanataka shahada," akasema. "Mimi shahada sina, na kazi siwezi kuacha. Rafiki yangu ananiambia nifanye ACCA, ile ya Waingereza, masomo kumi na matatu tu na nimemaliza. Mwingine anasema nianze ATEC. Nifuate ipi?"

Nilimwomba alisome tena lile tangazo, safari hii kwa sauti na mpaka mwisho wa sentensi. Sifa ya Mhasibu Daraja la II huandikwa karibu vilevile kila mara: shahada ya biashara au ya sanaa iliyojikita kwenye uhasibu, au stashahada ya juu ya uhasibu, au cheti cha ngazi ya kati, Moduli D, kinachotolewa na NBAA. Alikuwa ameishia kwenye neno la kwanza. Hiyo "au" ya mwisho ni mlango uliowekwa kwa watu kama yeye, na wengi hawauoni kwa sababu hawajui Moduli D ni kitu gani.

NBAA ni Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 33 ya 1972. Makao yake makuu sasa yapo hapa Dodoma, kwenye Jengo la Ukaguzi, Tambukareli. Zamani mitihani yake ya kitaaluma iligawanywa kwa moduli sita, kuanzia A hadi F. Siku hizi kuna ngazi tatu: ya msingi, ambayo watahiniwa wengi huiita faundesheni, ya kati, na ya mwisho. Moduli A na B ndizo zilizokuwa ngazi ya msingi, C na D ngazi ya kati, E na F ngazi ya mwisho. Kwa hiyo "Moduli D" maana yake ni kwamba umemaliza ngazi ya kati. Miundo ya utumishi imebaki na jina la zamani, na kijana anayesoma tangazo leo anadhani ni kozi ya chuo fulani asichokijua.

Chini ya ngazi hizo tatu kuna ATEC, mitihani ya wasaidizi wa uhasibu, yenye hatua ya kwanza na ya pili. Aliyemaliza ATEC ya pili anaingia ngazi ya msingi. Mwenye shahada ya uhasibu huiruka ngazi ya msingi na kuanzia ya kati. Wote hukutana kwenye mtihani uleule wa mwisho wa kuelekea CPA, yaani mhasibu kamili aliyesajiliwa na Bodi, ambaye hapa nchini huandikwa CPA(T), na hakuna CPA ya waliotoka chuo kikuu na nyingine ya waliotoka ATEC.

Swali la kuanza nalo

Watu hulinganisha njia hizi kwa kuhesabu masomo. Kwangu kipimo hicho hakimsaidii mtu aliye kazini, kwa sababu hajui kama atafika mwisho kwa mfululizo. Mtoto anazaliwa, mzazi anaugua, kiwanda kinafunga msimu mmoja. Mimi huuliza hivi: ukisimama mwaka wa tatu, mkononi utakuwa na nini ambacho mwajiri wa hapa anakitambua?

Tuanze na njia ya Bodi tangu ATEC. Mitihani mikuu hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Kuna hatua tano: ATEC ya kwanza, ATEC ya pili, msingi, kati na mwisho. Mtu asiye na kazi wala familia akifaulu kila hatua kwa kikao kimoja anamaliza kwa miaka miwili na nusu. Mtu aliye kazini nampa vikao viwili kwa kila hatua, yaani vikao kumi, miaka mitano. Huo ni mwendo wa kawaida kwa anayesoma usiku na wikendi.

Sasa msimamishe mwaka wa pili. Ana ATEC ya pili, ambayo kwenye miundo ya utumishi hutajwa pamoja na stashahada ya kawaida ya uhasibu kwa nafasi za wasaidizi wa hesabu. Msimamishe mwaka wa nne: ana cheti cha ngazi ya kati, ile Moduli D, na anaweza kuomba nafasi ileile aliyoniletea. Na muda wote huo hajaacha kazi.

Njia ya pili ni ya chuo. Mwenye astashahada anaingia stashahada, kisha shahada ya miaka mitatu, kisha ngazi ya kati na ya mwisho ya Bodi. Ukihesabu miaka miwili ya stashahada, mitatu ya shahada na vikao vinne vya Bodi, ni miaka saba. Hapa Dodoma vyuo havikosekani. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kina kampasi mjini. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo, na St. John's pia. Hombolo kuna Chuo cha Serikali za Mitaa kinachofundisha uhasibu na fedha za halmashauri. Anayetoka Singida ana kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, karibu na nyumbani. Akisimama mwaka wa pili ana stashahada. Akisimama mwaka wa nne, katikati ya shahada, hana cheti kipya, na ada ya miaka miwili imeshakwenda.

Hata hivyo, shahada ina nguvu ambayo njia ya Bodi pekee haina, na nisingependa mtu aidharau. Waajiri wengi binafsi, hasa benki na mashirika yasiyo ya kiserikali, huandika "shahada" bila kuweka "au" yoyote. Mtu wa rasilimali watu anayechambua maombi mia tatu hana muda wa kujua Moduli D ni nini. Ukishakuwa CPA(T) kamili tatizo hilo hupungua sana. Kabla ya hapo, ukiwa na ngazi ya kati bila shahada, utakutana nalo mara nyingi kwenye sekta binafsi na mara chache serikalini.

Kwenye njia hii kuna mtego ninaoutaja kwa kila anayenijia. Ili kuingia shahada kwa kutumia stashahada, vigezo vya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, vinataka wastani wa GPA usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi alimaliza stashahada akiwa na 2.7. Mwaka wa kwanza alikuwa akitoka kazini saa kumi na moja na kufika darasani amechelewa, na alama za mazoezi ya muhula zikamwangusha. Mlango wa shahada ukafungwa kwake, ingawa vitabu vya hesabu anavijua kuliko wengi wenye shahada. Anayesoma stashahada akiwa kazini aangalie GPA yake kila muhula. Muhula wa kwanza ukija na 2.6, bado kuna nafasi ya kuipandisha. Akisubiri hadi muhula wa mwisho, hesabu haikubali tena.

ACCA, na kwa nini sikumshauri aanzie huko

ACCA ni chama cha wahasibu chenye makao London, kilichoanza 1904. Cheti chake kinaheshimika, na mwenye nacho anaweza kukitumia Dubai, Kigali au Uingereza. Rafiki yake hakukosea: muundo uliopo ni mitihani kumi na mitatu. Mitatu ya mwanzo ni ya maarifa ya msingi, sita inayofuata ni ya ujuzi, na minne ya mwisho ni ya kimkakati. Alama ya kufaulu ni asilimia 50. Vikao ni vinne kwa mwaka, Machi, Juni, Septemba na Desemba, na mitihani minne ya mwanzo unaweza kuifanya siku yoyote ambayo kituo kina nafasi. Kwa ratiba pekee, ACCA inampa mtu wa kazini unafuu kuliko Bodi. Ukianguka somo Machi, unalirudia Juni.

Tena, kama huna sifa za kuingia moja kwa moja, ACCA ina ngazi za chini zisizodai cheti chochote cha kuingilia. Kwa mtu aliyeteleza kidato cha nne, hilo ni jambo kubwa.

Shida yake ya kwanza kwa mtunza hesabu wa Dodoma ni kodi. Somo la kodi la ACCA lina matoleo ya nchi mbalimbali, lakini la Tanzania halimo, na watahiniwa wengi wa kwetu hufanya la Uingereza. Mpwa wangu kila mwezi anajaza ritani ya VAT ifikapo tarehe 20, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18. Anakata PAYE, anakokotoa SDL, anabishana na wauzaji wasiotoa risiti ya EFD. Akifanya ACCA atakaa miezi akijifunza VAT ya asilimia 20 na misamaha ya kodi ya mshahara ya Mwingereza. Atafaulu, pengine vizuri, na Jumatatu atarudi kiwandani bila jibu la swali la bosi wake kuhusu kodi ya zuio kwenye malipo ya fundi. Njia ya Bodi inamfundisha Sheria ya Kodi ya Mapato na Sheria ya VAT za hapa, kwenye ngazi ya kati na tena kwa kina kwenye ngazi ya mwisho. Kila anachosoma usiku anakitumia asubuhi, na kukitumia humsaidia kukikumbuka kwenye chumba cha mtihani.

Shida ya pili ni ya mji wenyewe. Tangu Serikali ihamie Dodoma, sehemu kubwa ya kazi za uhasibu hapa ni za wizara, wakala na halmashauri. Huko hesabu huandaliwa kwa viwango vya sekta ya umma, IPSAS, na malipo yanapita kwenye mfumo wa MUSE. Shule na zahanati zinatumia mfumo wa FFARS. Mitihani ya Bodi inaigusa sekta ya umma tangu ATEC. Mitihani ya ACCA imejengwa zaidi juu ya kampuni za biashara na viwango vya IFRS. IFRS hata hapa ndivyo vinavyotumika kwa kampuni, tangu 2004, kwa hiyo sehemu hiyo ni sawa pande zote mbili. Hesabu za kundi la kampuni ulizojifunza kwa ACCA ni zilezile za Bodi.

Shida ya tatu ni fedha, lakini ukubwa wa ada si hoja yangu kuu. Ada za ACCA hulipwa kwa paundi: usajili, michango ya kila mwaka ambayo hudaiwa hata mwaka usiofanya mtihani, ada ya kila somo, na hata ada ya somo ulilosamehewa. Tuseme umepanga kulipa paundi 100. Paundi ikiwa shilingi 3,000, ni 300,000. Ikipanda hadi 3,500 kabla hujalipa, ni 350,000, na mshahara wako haujaongezwa hata senti. Kwenye masomo tisa au kumi tofauti hiyo inakuwa mshahara mzima wa mtunza hesabu. Ada za Bodi ziko kwa shilingi na unazijua tangu mwanzo wa mwaka.

Juu ya hayo, ACCA imeamua kuondoa mitihani ya kufanyia nyumbani kuanzia Machi 2026, isipokuwa kwa sababu maalumu, na imetangaza mtaala uliofumuliwa upya kuanzia 2027. Kwa hiyo kabla hujalipa chochote, angalia kituo cha mtihani kilicho karibu nawe kwenye orodha yao, ongeza nauli na malazi, na usome namna masomo ya sasa yatakavyohamishiwa kwenye mtaala mpya. Idadi ya kumi na mitatu aliyoambiwa mpwa wangu huenda isiwe ndiyo atakayokutana nayo njiani.

Kuna watu ningewaambia waende ACCA bila kusita. Mmoja ni anayefanya kazi kwenye shirika la kimataifa lenye ofisi Dodoma na anayetaka kuhamishwa nchi nyingine, na mwajiri wake analipa ada. Mwingine ni mwenye mpango wa kweli wa kuondoka nchini. Lakini ajue kwamba cheti cha ACCA hakimfanyi CPA(T) kwa chenyewe. Akitaka kusaini hesabu zilizokaguliwa hapa nchini, lazima asajiliwe na Bodi kwa masharti yake.

Mtihani mdogo wa dakika kumi

Nilitaka kujua mpwa wangu yuko ngazi gani hasa, mbali na cheti chake. Nikamchorea swali kutoka kiwandani kwake mwenyewe. Kiwanda kimenunua mashine ya kukamua kwa shilingi 36,000,000. Usafiri kutoka Dar es Salaam ni 1,000,000. Fundi wa kuifunga na kuijaribu amelipwa 3,000,000. Waendeshaji wawili wamefundishwa kuitumia kwa 1,500,000. Mashine itatumika miaka minane na mwishoni itauzwa kwa 4,000,000. Gharama ya mashine kwenye vitabu ni kiasi gani, na uchakavu wa mwaka ni kiasi gani?

Akajumlisha vyote: 41,500,000. Akatoa 4,000,000, akagawa kwa nane, akapata 4,687,500.

Hesabu yake ya kugawa ilikuwa safi. Kosa liko kwenye mafunzo. Kiwango cha IAS 16 kinaruhusu kuingiza kwenye gharama ya mashine usafiri na ufungaji, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoifikisha mahali pake ikiwa tayari kufanya kazi. Mafunzo ya wafanyakazi hayamo. Hayo ni matumizi ya mwaka huo na yanakwenda moja kwa moja kwenye faida na hasara. Kwa hiyo gharama ni 40,000,000, na uchakavu, baada ya kutoa 4,000,000 ya mwishoni, ni 36,000,000 kugawa kwa nane, yaani 4,500,000 kwa mwaka.

"Lakini pesa zote zimetoka kwa ajili ya mashine, mjomba," akasema.

Hapo ndipo mtunza hesabu na mhasibu wanapoachana. Mtunza hesabu anafuata pesa ilikokwenda. Mhasibu anauliza kitu kilichonunuliwa kinadhibitiwa na nani. Mashine ni ya kiwanda. Ujuzi umo kichwani mwa mwendeshaji, na kesho anaweza kuondoka nao kwenda kiwanda cha Kibaigwa.

Ningemshauri kila anayechagua njia ajifanyie kitu kama hiki kabla ya kulipa. Bodi huweka mitihani ya nyuma na majibu yake kwenye tovuti. Chukua karatasi ya uhasibu ya ngazi unayodhani unaweza kuanzia, kaa saa tatu bila simu, kisha jisahihishe kwa majibu yao. Ukikosa kwa sababu ya kusahau tarakimu, uko mahali pako. Ukikosa kwa sababu hukujua kanuni ipo, shuka ngazi moja, hata kama cheti chako kinakuruhusu kuruka. Nimeona wenye shahada ya uhasibu wakikaa miaka minne kwenye ngazi ya kati kwa sababu chuoni walikariri mifano ya mwalimu, na ngazi ya msingi waliyosamehewa ndiyo ingewajenga.

Usiishie kwenye karatasi ya namba. Chukua na ya ukaguzi. Mitihani yote ya Bodi ni ya Kiingereza, na somo la ukaguzi, kama lile la utawala bora na maadili, linadai aya zenye hoja. Watunza hesabu waliozoea safu za tarakimu huangukia hapo zaidi kuliko kwenye uhasibu wenyewe. Dalili yake unaiona mapema: umeandika mistari mitatu kwenye swali la alama kumi na hujui cha kuongeza. Dawa si kusoma zaidi vitabu vya uhasibu. Andika jibu moja la aya nne kila siku, umpe mtu anayejua ukaguzi asome.

Nani atakusainia?

Kuna jambo ambalo matangazo ya madarasa ya jioni hayaligusi, nalo linaweza kumchelewesha mtu miaka. Kufaulu mtihani wa mwisho hakukufanyi mhasibu aliyesajiliwa siku hiyohiyo. Bodi inataka uzoefu wa kazi wa miaka mitatu unaothibitishwa. ACCA nayo inataka miezi 36, pamoja na malengo tisa ya utendaji, kila moja likiandikwa kwa maelezo na kusainiwa na msimamizi ambaye ni mhasibu mwenye sifa.

Kiwandani kwa mpwa wangu, juu yake yuko mwenye kiwanda tu, mfanyabiashara mwaminifu aliyeishia darasa la saba. Nani atasaini kwamba alishiriki kuandaa taarifa za fedha, kupima hatari, kudhibiti mzunguko wa fedha? Mtu anaweza kufaulu yote akiwa na miaka minane ya kazi, kisha uzoefu wake ukakosa wa kuuthibitisha.

Lakini kiwanda hicho hukaguliwa kila mwaka, na mkaguzi ni CPA aliyesajiliwa mwenye ofisi hapahapa mjini. Nilimwambia amwendee mapema, asisubiri amalize. Amwombe awe anapitia kazi zake mara moja kwa robo mwaka: jedwali la mali za kudumu, usuluhisho wa benki, urari wa mwisho wa mwezi. Akijitolea kuandaa majalada ya ukaguzi vizuri kabla mkaguzi hajafika, anampunguzia kazi na wakati huohuo anajenga kumbukumbu ya uzoefu. Hata ACCA inakubali msimamizi wa nje wa namna hiyo. Na kwa kuwa NBAA ni mwanachama wa shirikisho la wahasibu duniani, IFAC, saini ya CPA(T) anaweza kuitumia upande wowote atakaochagua baadaye. CPA(T) hapa Dodoma utawapata kila ofisi ya Serikali. Wenye ACCA ni wachache zaidi.

Tulichokubaliana

Kwa yeye, mwenye astashahada tu na kazi asiyoweza kuiacha, nilimshauri aanze ATEC. Angekuwa na stashahada yenye GPA ya 3.4 na mzazi wa kumlipia ada, ningemwambia aende chuo, achukue shahada, aingie ngazi ya kati. Angekuwa na 2.7, ningemwambia apeleke nakala za matokeo yake Tambukareli, aulize kwa maandishi anaruhusiwa kuanzia ngazi gani, na asilipe darasa lolote kabla jibu halijarudi. Kwa maandishi, kwa sababu neno la mtu wa kaunta au la mwalimu wa darasa la jioni halina nguvu siku ya usajili. Na aliyesoma utawala wa biashara, ununuzi au masoko asidhani atahesabiwa kama wa uhasibu kwa kuwa masomo mawili yanafanana. Msamaha hutolewa kwa kuangalia masomo yaliyo kwenye nakala ya matokeo, na jina la chuo halitoshi.

Shahada hatukuifuta. Tuliisogeza. Akimaliza ngazi ya msingi atakuwa na miaka 27 hivi. Hapo ataamua kama aendelee moja kwa moja hadi ngazi ya kati, au aanze shahada ya jioni sambamba. Kama wakati huo bado anautaka utumishi wa umma, ngazi ya kati inamtosha kuingia, na CPA(T) ndiyo itakayompandisha, kwa sababu madaraja ya juu ya wahasibu serikalini huidai. Kama moyo umehamia benki, shahada iende kwanza. ACCA inaweza kuja baada ya CPA, kwa sababu ACCA husamehe masomo kadhaa kwa wenye sifa kama hizo, na tovuti yao ina kikokotoo kinachokuonyesha ni yapi.

"Na Novemba nifanye masomo mangapi?" akaniuliza tukiwa mlangoni.

Nikamwuliza msimu wa alizeti unaanza lini kiwandani kwao. Akasema mbegu zinaanza kuingia Juni, na kuanzia hapo hadi Septemba anatoka kazini saa mbili usiku. Basi kikao cha Mei ndicho chake kikubwa, kwa sababu kati ya Januari na Aprili mashine zinalala na jioni ni zake. Novemba achukue machache, yale anayoyafanya kila siku kwa mikono yake. Aliandika hayo nyuma ya lile tangazo la kazi, akalirudisha kwenye bahasha pamoja na vyeti. Jumatatu mchana, saa ya chakula, alinipigia simu akiwa Tambukareli, kwenye foleni, akiuliza kama nakala za vyeti lazima ziwe zimegongwa muhuri wa mwanasheria.